Barua ya Shukrani kwa Familia Iliyokupokea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuitafsiri kutoka Kiingereza

Kila mwaka baada ya likizo za Juni hadi Agosti naletewa barua za aina moja. Wageni waliokuja Unguja kujifunza Kiswahili, wakakaa na familia Kikwajuni, Mwembetanga, Jang'ombe au Mji Mkongwe, wamerudi kwao na wanataka kushukuru. Wengine wanaandika Kiswahili cha darasani, wengi wanaandika Kiingereza na kuomba kitafsiriwe "kwa adabu za huko". Majibu haya yanatokana na barua moja kama hizo, ya msichana wa Kimarekani aliyekaa wiki 6 na familia moja ya Kikwajuni. Ameruhusu itumike. Majina hayamo, na mambo mawili matatu ya ndani ya nyumba nimeyabadilisha.

Barua yenyewe ya Kiingereza ilisemaje?

Ilikuwa kadi fupi, ya kirafiki na ya furaha. Alishukuru kufunguliwa nyumba. Akasema wiki zote zilikuwa za ajabu, chakula kilikuwa kitamu mno, watoto ni wazuri kupita kiasi. Akatania kidogo habari ya maji kukatika na jogoo wa jirani. Akasema hawezi kuwalipa kamwe, atawakosa, na wakiwa Marekani wakati wowote wamtafute. Akamalizia kwa mabusu.

Kwa Mwingereza au Mmarekani hiyo ni barua nzuri kabisa, haina kasoro. Ukiihamisha neno kwa neno kwenda Kiswahili, anayeisoma Kikwajuni ataona mtu ameingia nyumbani bila kubisha hodi, akasema yake kwa haraka, akatoka. Hakuna salamu, hakuna habari za safari, hajauliza hali ya mtu, na karibu kila sentensi inaanza na "mimi". Kazi ya mfasiri hapa ni kuhakikisha kwamba upendo uliomo kwenye kadi ile unasikika ni upendo huku pia.

Nianze na nini, shukrani au salamu?

Salamu, kisha habari ya kufika. Watu wengi husahau hili la pili, na ndilo wenyeji wanalolingoja. Ukishamsindikiza mtu bandarini au kiwanja cha ndege, roho haitulii mpaka usikie amefika. Nimeona mama wa nyumba akipokea barua ndefu ya shukrani, tena nzuri, na neno lake la kwanza likawa: "Lakini hajasema kama kafika salama." Kwa hivyo nikamwandikia yule msichana: ulifika lini, safari ilikuwaje, zile zawadi walizokufungia zimefika? Akajibu kwa mistari mitatu, na mistari hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa barua.

Kama ulishapiga simu siku ya kufika, bado iandike kwa ufupi. Barua itasomwa na watu ambao hawakuwapo wakati wa simu.

Nisalimie kwa "Shikamoo" au "Assalaam alaykum"?

Kwa wazazi na bibi, shikamoo haina ubaya hata siku moja, na mgeni wa dini yoyote anaweza kuitumia. Wakiwa wawili au zaidi, ni "shikamooni". Wasio Waislamu wengi wanaoishi Unguja hutoa salamu ya Kiislamu na huitikiwa bila tatizo, hivyo kama ulipokuwa pale ndiyo uliyokuwa ukiingia nayo mlangoni, iandike. Kama hukuwahi kuitoa kwa mdomo, usianze kuitoa kwenye karatasi.

"Mpendwa Mama" ya kwenye barua za skuli inaruhusiwa, lakini mtoto wa nyumba haanzi hivyo. Anaanza: "Mama, shikamoo."

"You" ya Kiingereza haitofautishi mtu mmoja na wengi. Niandike "nakushukuru" au "nawashukuru"?

Hapa mfasiri lazima amuulize mwandishi, asikisie. Kadi ile ilikuwa imeelekezwa kwa mama peke yake, jina lake juu, lakini mambo yaliyoshukuriwa yalifanywa na nyumba nzima. Ningeandika yote kwa "wewe", baba aliyeamka alfajiri kumpeleka hospitali angebaki nje ya barua. Ningeandika yote kwa "nyinyi", mama aliyesimama naye jikoni angepotea ndani ya kundi.

Tulichofanya ni kuanza na wote: mlinipokea, mkanipa, ahsanteni. Kisha barua inageuka na kumtazama mmoja mmoja: Mama, ahsante kwa hili, Bibi, ahsante kwa lile. Mwisho inarudi kwa wote. Msikilizaji akifikiwa na zamu yake anajua ametajwa, na hilo lina uzito kuliko maneno makubwa ya sifa.

Ni sentensi gani zinazoharibika zaidi zikitafsiriwa moja kwa moja?

Nitazitaja zile tano nilizozikuta kwenye kadi ile, kwa sababu ndizo hizo hizo ninazozikuta karibu kila mara.

Ya kwanza, "asanteni kwa kunifungulia nyumba yenu". Anayesikia anafikiri ulirudi usiku ukakuta mlango umefungwa. Huku mtu hupokewa, hukaribishwa. "Mlinipokea" peke yake inatosha, na ukitaka kuongeza, "mlinipokea kwa mikono miwili".

Ya pili, "nilikuwa na wakati wa ajabu". Ajabu ni kioja, jambo la kushangaza, na mtu anaweza kuuliza ni kioja gani kilichomkuta mtoto wa watu. Sema ulifurahi kukaa nao. Ukiweza, sema kitu kimoja kilichokufurahisha, maana furaha isiyo na mfano hupita sikioni tu.

Ya tatu, "mlinifanya nijisikie nyumbani". Siku hizi inasemwa, sitaikataa, lakini ina baridi kidogo. Msemo wa watu ni "sikujiona mgeni hata siku moja". Huo unamsifu mwenyeji moja kwa moja, kwa sababu kazi ya mwenyeji ni hiyo hasa, kukuondolea ugeni.

Ya nne, "nitawakosa". Kumkosa mtu ni kumtafuta usimpate. Vijana wanasema "nimewamisi" na kwa ujumbe wa simu kwa kaka wa nyumba haina neno, lakini kwa bibi andika "nimeshaanza kuwakumbuka" au "nina hamu nanyi".

Ya tano ni "siwezi kuwalipa kamwe". Hii inatafsirika, na kwa bahati hata sisi tunasema "sina cha kuwalipa". Tatizo ni kwamba kwa Kiingereza sentensi imekwisha hapo, kwa Kiswahili bado nusu. Msikilizaji anangoja imaliziwe: "Mungu ndiye atakayewalipa." Ukiiacha ikining'inia, inakuwa kama mtu anayetangaza kuwa amefilisika.

Mbali na hizo, kuna suala la kila sentensi kuanzia kwa "mimi". Kadi ilisema: nilifurahi, nilipenda, nilijifunza, nitakumbuka. Kwa desturi yetu shukrani husimulia alichotenda mwenyeji. Geuza vitenzi viwe vyao, na tumia ile "-ka-" ya kusimulia: mlinipokea, mkanipa chumba, mkanilisha, mkanifundisha. Mambo yanafuatana kama yalivyotokea, na anayesoma anaona wema wake ukipita mbele yake. Hakuna haja ya kumwambia kuwa yeye ni mkarimu.

Naomba nione barua yote ilivyokuwa baada ya kutafsiriwa.

Hii hapa.

> Mama na Baba, shikamooni. Bibi, shikamoo.
>
> Habari za nyumbani? Natumai nyote hamjambo. Mimi nimefika salama jana jioni, namshukuru Mungu. Safari ilikuwa ndefu lakini sikupata tabu njiani, na iliki na mdalasini mlizonifungia zimefika vizuri. Sanduku lote linanukia.
>
> Ama baada ya salamu, barua hii ni ya kuwashukuru. Mlinipokea nikiwa simjui mtu hapo mjini, mkanipa chumba, mkanilisha, mkanifundisha kusema na watu. Wiki sita zote sikujiona mgeni hata siku moja. Hata maji yalipokatika, hamkuniacha nikose ya kuoga. Nilipougua homa, Mama ulikesha nami, na Baba akanipeleka hospitali alfajiri kabla ya kwenda kazini. Hayo mtu huwafanyia wanawe, nanyi mkanifanyia mimi.
>
> Mama, ahsante kwa mapishi yako na kwa subira yako. Nilikuwa sijui hata kukaa juu ya mbuzi, lakini hukuchoka kunielekeza, na sasa naweza kukuna nazi bila kujichuna vidole. Mkate wa kumimina nitaujaribu huku, ingawa najua hautafikia wa kwako. Bibi, ahsante kwa hadithi zako za usiku pale barazani. Nimeziandika zote. Wadogo zangu, mashaallah, wamenichekesha na wamenisahihisha, na Kiswahili changu kimetoka kwao zaidi kuliko darasani.
>
> Wazazi wangu wanawasalimia sana. Wanasema ahsanteni kwa kumtunza mtoto wao kama wenu.
>
> Kama kuna nililokosea kwa neno au kwa kitendo, kwa kujua au kwa kutojua, naomba mniwie radhi. Sina cha kuwalipa kwa wema wenu. Mungu ndiye atakayewalipa, awape afya na umri mrefu, na awazidishie kheri.
>
> Nina hamu nanyi tayari. Mungu akipenda nitarudi kuwatembelea. Nisalimieni shangazi, majirani wote, na yule mzee wa urojo pale njiani, mwambieni bado sijapata urojo kama wake.
>
> Ni mimi mwanenu,

Na chini yake jina lake, lile fupi ambalo watoto wa nyumba walimzoesha.

Wazazi, kuomba radhi, salamu kwa majirani: hayo hayakuwamo kwenye kadi. Mfasiri ana ruhusa ya kuongeza?

Peke yake hana. Akiongeza bila kuuliza, atakuwa ameandika barua yake mwenyewe na kuitia saini ya mtu mwingine. Lakini akiyaacha kimya kimya, atampeleka mteja wake mbele ya watu akiwa hana adabu ambazo kwao anazo. Njia ni kuuliza.

Nilimwandikia yule msichana maswali machache. Je, wazazi wako wanajua ulikaa wapi, na wamesema lolote kuhusu watu hao? Akanijibu kuwa mama yake alilia kwa furaha aliposikia habari ya usiku wa homa. Basi, nikamwambia, mpigie, mwambie unaandika, umuulize anataka uwaambie nini. Neno la mama yake lilikuwa hilo hilo lililomo kwenye barua. Huku mtoto akitunzwa na watu, shukrani hutoka kwa wazazi wake pia. Mama wa Kikwajuni aliazimwa binti wa mwenziwe kwa wiki 6, na kusikia kutoka kwa huyo mwenziwe ndiko kunakofunga jambo. Lakini kama wazazi hawakusema kitu, au wamefariki, au hawaelewani na mtoto wao, sitawatungia salamu.

Kuhusu radhi, alishtuka. Aliuliza amekosea nini. Nikamweleza kwamba watu wanaoagana huku huombana radhi hata pasipo kosa, kwa sababu mkikaa nyumba moja hamkosi kugusana, na hakuna ajuaye kama mtaonana tena. Aliyeombwa hujibu, "Huna kosa, mwanangu," na mambo yakabaki meupe. Alipoelewa, alisema liwekwe, tena akakumbuka siku aliyochelewa kurudi bila kutoa taarifa.

Mwisho nikamrudishia barua ya Kiswahili pamoja na maelezo ya Kiingereza ya kila sentensi, ajue anaweka saini kwenye nini. Ningeshauri mteja yeyote adai hivyo kwa mfasiri wake.

Mimi si mtu wa dini. Lazima dua ziwemo?

Si lazima, ila ujue unaacha nini. Kwa masikio mengi ya huku, shukrani isiyo na dua ni kama imesimama mguu mmoja. "Mungu awalipe kheri" husemwa na watu wa imani zote na hata na wasiojali sana imani. Kama nafsi yako inakataa kabisa kulitaja jina la Mungu, bado unaweza kuomba mema: "nawatakia afya, umri mrefu na kheri nyingi." Itapungua joto kidogo, lakini itakuwa kweli kwako.

Nisichokubali kirahisi ni mgeni asiye Mwislamu kutaka kujaziwa maneno ya Kiarabu aliyoyaokota mtandaoni ili aonekane mwenyeji. Wenyeji wanakujua. Walikaa nawe. Wakikuta barua imejaa maneno ambayo hukuwahi kuyatamka mezani, wataanza kuuliza nani amekuandikia.

Kwa nini umeweka "mashaallah" kwa watoto, na umepunguza sifa zao?

Kadi iliwasifu watoto kwa uzuri wa sura, kwa maneno mengi yaliyofuatana. Pwani, kumsifu mtoto hivi hivi tu huwatia wasiwasi wazazi, wanaogopa kijicho. "Mashaallah" huliondoa hilo. Na kuliko kusifu sura, tukasifu walichofanya: walimchekesha na walimsahihisha. Mtoto wa miaka minane anayesikia barua kutoka Marekani ikisema kwamba yeye ndiye aliyefundisha Kiswahili ataitembeza habari hiyo mtaa mzima.

Vitu vya nyumbani navyo viangalie. Ukisifia sana pazia au seti ya vikombe, unaweza kuwa umeomba upewe.

Utani wa maji na jogoo umekwenda wapi?

Jogoo nilimwomba amwache. Alikuwa wa jirani, na barua itasomwa jirani akiwepo.

Maji yalibaki, lakini yamegeuka. Kwa Kiingereza alijicheka mwenyewe akioga kwa kata kutoka kwenye ndoo, na alikusudia mapenzi. Ikiandikwa, mwenyeji anasikia kwamba mgeni alipata dhiki na ameibeba mpaka kwao. Nikamuuliza: maji yalipokatika, ulikosa kuoga? Akasema hapana, kila siku alikuta ndoo imejazwa, na baadaye akagundua kuwa kaka wa nyumba ndiye aliyekuwa akiyateka mbali. Hiyo ndiyo habari iliyostahili kuandikwa, na ndiyo ile sentensi moja unayoiona juu. Nilitaka kumtaja kaka, lakini msichana akaona itamtia haya mbele za watu, akamtumia ujumbe wake peke yake. Alikuwa sahihi kuliko mimi.

Utani unaofaa ni ule unaomwinua mwenyeji, kama wa urojo na mkate wa kumimina.

Niwaalike waje kwetu?

Hapa kuwa mwangalifu. Kwa Kiingereza kusema "mkiwa huku mnitafute" ni heshima tu, kila mtu anajua. Kwa Kiswahili, ukiandika "njooni Marekani, mtafikia kwangu", kuna atakayeisoma kama ahadi, na swali la viza na tiketi litafuata, pengine kutoka kwa mtu wa tatu ambaye hukuwahi kumwona. Ukiweza kutimiza, alika. Usipoweza, sema "kwetu ni kwenu" uishie hapo, au uache kabisa kama tulivyoacha sisi. Kurudi kwako mwenyewe kuseme kwa "Mungu akipenda", hata kama umeshakata tiketi.

Je, nitaje fedha au zawadi?

Fedha usizitaje kwenye barua ya kusomwa mbele ya watu. Kama malipo ya kukaa yalipitia ofisi ya chuo, ni jambo la ofisi. Ukiandika "asanteni, najua mlilipwa", umegeuza usiku ule wa homa kuwa huduma. Kama unataka kumpa mama kitu, mpe kwa mkono kabla ya kuondoka, kwenye bahasha, kwa kusema "hii ya sukari, Mama" na pasipo watu wengi. Ukituma kwa simu baadaye, ujumbe wake uwe peke yake na uwe mfupi: "Mama, pokea hiki kidogo, ni cha chai."

Zawadi ya kitu inaweza kutajwa, kwa kuishusha: "nimewaletea kidogo". Usiieleze bei wala dukani ilikotoka.

Wageni wengi huniuliza kuhusu kanga. Ni zawadi nzuri, na hutolewa doti, yaani vipande vyote viwili. Tazama pindo na mji upendavyo, lakini kabla ya kulipa soma jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, na usipoyaelewa mtafute mtu akueleze. Kuna kanga zenye vijembe vikali vya kurushiana wake wenza na majirani. Rangi itakupendeza, utamfungia mama wa watu, naye atakaa usiku kucha akijiuliza amekukosea nini. "Nani kama mama" haijawahi kumletea mtu matatizo.

Niandike barua, nitume WhatsApp, au sauti?

Habari ya kufika, WhatsApp siku hiyo hiyo. Shukrani zenyewe ziandike, hata kama utazituma kwa simu, kwa sababu bibi atataka kusomewa, kisha atataka kusomewa tena shangazi akija. Barua ya kusomwa kwa sauti inataka sentensi fupi. Niliisoma ile ya juu kwa sauti mara kadhaa, na kila nilipoishiwa pumzi niliikata. Isiwe na siri: chochote ambacho hupendi kisikike barazani, kisiwemo.

Ujumbe wa sauti ni mzuri kama Kiswahili chako kinatosha. Makosa yako ya matamshi yatawafurahisha kuliko ufasaha wangu. Wengine husoma barua iliyotafsiriwa kwa sauti yao wenyewe, wanairekodi na kuituma pamoja na maandishi. Kama ni ujumbe mfupi tu unaoutaka, huu unatosha:

> Mama, shikamoo. Nimefika salama. Ahsanteni sana kwa yote mliyonifanyia, sikujiona mgeni hata siku moja. Wazazi wangu wanawasalimia na wanawashukuru. Nikumbukieni kwa Bibi na watoto. Mungu awalipe kheri.

Ila sentensi ya wazazi uiweke kama ni kweli.

Wamenijibu "asante kushukuru". Ndiyo nini?

Ni jibu la kawaida Tanzania: wanakushukuru kwa kuwa umeshukuru. Huna haja ya kujibu tena kwa shukrani, mtazungushana mpaka kesho. Wakiongeza "hapa ni kwenu" au "karibu tena", jibu "nimekaribia" au "inshaallah", kisha uliza habari za mtu mmoja kwa jina. Mazungumzo yataendelea yenyewe.

Familia yangu si ya Unguja. Ni ya Moshi, au Nairobi, au Bukavu.

Mwili wa barua ni huo huo: kufika, walichofanya, wazazi, radhi, dua, salamu za watu. Kinachobadilika ni nguo. Kwa familia ya Kikristo ya bara, "Bwana asifiwe" inaweza kufungua barua kama ndivyo mlivyosalimiana nyumbani, na Wakatoliki wana "Tumsifu Yesu Kristo". Dua ya kumalizia huwa "Mungu awabariki sana". "Mashaallah" iondoe, sema "watoto wazuri, Mungu awakuze". Nairobi shikamoo haina nguvu kama Tanzania, na "habari zenu" kwa wazazi haivunji heshima. Mombasa na Lamu, barua ya juu inaweza kwenda karibu ilivyo. Mashariki ya Kongo utasikia "aksanti", na kama ndivyo walivyokuwa wakikuambia, waandikie hivyo hivyo, usiwasahihishe kwa Kiswahili cha Unguja.

Nimechelewa, imepita miezi. Bado inafaa?

Inafaa. Omba radhi kwa kukawia katika sentensi moja tu, usitoe sababu nne. Uliza yaliyotokea tangu uondoke: nani kaoa, nani kafaulu, bibi anaendeleaje. Kabla ya kuituma, mpigie kijana mmojawapo wa nyumba umuulize kama wote wazima. Kukiwa na msiba ambao hukuusikia, barua yako itabidi ianze na pole, na yale ya urojo yatangoja barua nyingine.